Nimwambie bosi wangu kabla sijapeleka maombi?

*Assalaam alaykum. Mie nafanya kazi londri katika hoteli moja ya Kiwengwa, huu mwaka wa nne. Jumatatu tarehe 1 Juni limebandikwa tangazo kantini: anatakiwa msimamizi wa zamu wa usafi wa vyumba, na anayetaka apeleke maombi kwa barua pepe Ofisi ya Rasilimali Watu, mwisho Ijumaa tarehe 12 saa 10 jioni. Nnaitaka nafasi hii. Tatizo ni meneja wangu wa londri. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi tangu sijui hata kuwasha mashine, namwita Bi Mkubwa, na naona haya kumwambia nataka kuhama idara, tena wageni wa kusi ndio wanaingia. Wenzangu wananambia nipeleke kimya kimya, nikipata atajua, nikikosa hapana aliyejua. Nifanyeje, na hiyo barua naiandika vipi?*
*Mfuaji, Kiwengwa*

Wa alaykum salaam, Mfuaji. Mwambie, na umwambie kabla barua haijatoka kwenye simu yako. Hicho kimya kimya wanachokishauri wenzako hakipo. Maombi ya ndani yakishafunguliwa, kitu cha mwanzo Rasilimali Watu watakachofanya ni kumuuliza mkuu wa idara yako: mahudhurio yake vipi, ana barua ya onyo, anaweza kuachiwa lini. Ni simu ya dakika 2. Bi Mkubwa atalisikia jina lako kwa mtu mwengine, na papo hapo atakiwe kutoa maoni juu yako. Hata akiwa anakupenda kama mwanawe, neno litakalomtoka ni "mimi sina habari". Anayesikiliza upande wa pili anatafuta msimamizi, na nusu ya kazi ya msimamizi ni kuwapa wakubwa habari kabla hawajazisikia kwa wengine.

Kabla ya kwenda kwake, chukua fomu ya maombi ya ndani na mwongozo wa wafanyakazi, usome mambo mawili tu. La kwanza ni muda unaotakiwa uwe umekaa kwenye nafasi yako ya sasa. Hoteli nyingi huweka miezi 6 au 12, na wewe umeshaupita. La pili ni kama fomu ina mahali pa saini ya mkuu wa idara. Ikiwa ipo, angalia maneno yaliyoandikwa juu ya mstari. "Nimeona maombi haya" ni kitu kimoja, na "nimeyakubali" ni kitu chengine kabisa. Pakiwa na "nimeyakubali", kumwambia Bi Mkubwa mapema si adabu tu, ni sharti, na siku za kumfuata kwa saini uzitie kwenye hesabu.

Pasipokuwa na sharti hilo, unampelekea taarifa, huombi ruhusa. Wengi wanaharibikiwa hapa, na huwa ni kwa sababu ya heshima. Anaingia mtu ofisini anasema, "Bi Mkubwa, naomba ruhusa yako niombe ile nafasi." Jibu jepesi kuliko yote kwa meneja anayeingiwa na msimu ni "subiri kusi ipite". Na wewe ukishaomba ruhusa ukanyimwa, ukipeleka maombi unakuwa umekaidi. Usipopeleka, tangazo limefungwa. Mlango huo umeufungua mwenyewe kwa neno moja.

Sema hivi: "Bi Mkubwa, nimekuja kukwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu. Nimeamua kuomba ile nafasi ya msimamizi wa zamu upande wa vyumba. Maombi nitayapeleka Jumatatu. Nilitaka wewe ujue mwanzo." Kisha nyamaza. Usiongeze sababu juu ya sababu. Hasa usiseme umechoka na londri, wala kwamba upande wa vyumba ndiko kwenye maslahi, kwa sababu idara unayoisema ni yake. Akikuuliza kwa nini, jibu linalotosha ni kwamba unataka kusimamia watu, na londri hapana nafasi ya usimamizi iliyo wazi.

Saa ya kumwendea pia ina maana yake. Wageni wakishatoka, shuka na taulo zinateremka londri tangu saa 4 asubuhi mpaka kama saa 8 mchana, na wakati huo Bi Mkubwa anahesabu mzigo huku akipigiwa simu kutoka vyumbani. Mwendee baada ya alasiri, mzigo wa mwisho ukishaingia kwenye mashine ya kukaushia. Usimvamie. Mtumie ujumbe asubuhi: "Bi Mkubwa, naomba dakika 10 leo baada ya alasiri, nina jambo langu la kazi." Ukisema ni lako na ni la kazi, hatakaa mchana kutwa akidhani kuna taulo zimepotea. Mazungumzo yenyewe yawe ana kwa ana, si WhatsApp. Ujumbe wa simu unaweza kuoneshwa mwengine kabla wewe hujafika mlangoni.

Mtu wa kwanza kujua awe yeye. Kantini ukimwambia mmoja asubuhi, mchana jiko zima linajua.

Usiku wa siku hiyo hiyo, mwandikie barua pepe fupi. Mnaonana kila siku na inaweza kuonekana kama kujitia makuu, lakini usiiache. Ndiyo inayobakisha tarehe, na baadaye hapana atakayeweza kusema hukumwambia. Tuseme mmezungumza Jumatano tarehe 3:

> Kichwa: Taarifa ya maombi yangu ya ndani
>
> Bi Mkubwa, assalaam alaykum.
>
> Ahsante kwa kunisikiliza leo. Kama nilivyokueleza, nitaomba nafasi ya Msimamizi wa Zamu, Usafi wa Vyumba, iliyotangazwa tarehe 1 Juni. Maombi nitayapeleka Rasilimali Watu Jumatatu tarehe 8 Juni.
>
> Ulisema wasiwasi wako ni taulo za pwani Julai na Agosti. Nikichaguliwa, niko tayari kumfundisha atakayeshika kituo changu kwa wiki 2, na maelekezo nitayaandika yakae ukutani.
>
> Mpaka jibu litoke, zamu zangu ni zile zile.

Aya ya pili ndiyo yenye uzito. Ndani yake yawemo maneno aliyoyasema yeye mwenyewe, si ya kubuni. Meneja wa londri anayempoteza mtu mwanzoni mwa msimu hana kinyongo na wewe, ana mzigo, na anataka kujua nani atausukuma. Ila usiahidi tarehe ya kuondoka au ya kubaki. Hiyo wataipanga mameneja wawili na Rasilimali Watu, na ukimwahidi kwamba hutoki mpaka Septemba, ahadi hiyo hiyo inaweza kukukosesha nafasi ikiwa upande wa vyumba wanataka mtu Julai.

Sasa maombi yenyewe. Barua nyingi za ndani zinaanguka kwa kujaa sifa: mchapakazi, mwaminifu, nafanya kazi chini ya shinikizo. Wanaokusoma wanakuona kila siku. Wanachotaka ni kitu ulichokibadilisha na ushahidi wake, na ushahidi wa londri uko kwenye daftari la nguo zinazorudi kufuliwa. Muombe Bi Mkubwa ulitazame kabla ya kuandika, kwa sababu nambari yoyote utakayoitia ndiye atakayeulizwa kama ni kweli.

Hapa jihadhari na hesabu. Tuchukue mfano: Februari hoteli imejaa, londri imefua vipande 9,000, vikarudi 630. Mei ni masika, wageni wachache, vimefuliwa 3,000, vikarudi 120. Mtu anaandika kwa furaha, "nimepunguza nguo zinazorudi kutoka 630 hadi 120." Meneja yeyote wa hoteli za mashariki ataguna, kwa sababu masika ndiyo iliyopunguza, si wewe. Gawa kwanza. Vipande 630 katika 9,000 ni 7 kwa kila 100. 120 katika 3,000 ni 4 kwa kila 100. Kutoka 7 hadi 4 si kishindo kama 630 hadi 120, lakini inasimama hata ikikaguliwa.

Halafu eleza kilichofanya zishuke, maana nambari bila sababu inaweza kuwa bahati. Wewe wa londri ya pwani unalijua lile doa la rangi ya kutu kwenye taulo nyeupe. Mgeni amejipaka mafuta ya jua, na baadhi ya mafuta hayo yakikutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maji huacha rangi hiyo. Ukilitilia dawa ya klorini ukidhani unalisafisha, ndiyo linazidi kukolea. Aliyezitenga taulo za pwani na bwawa, akazifua mzigo wao peke yao bila klorini, amefanya jambo ambalo linaelezeka kwa sentensi moja na kila mtu wa usafi wa vyumba analielewa, kwa sababu wao ndio wanaolalamikiwa na mgeni. Ikiwa kwenu lilifanywa na watu 3, andika watu 3. Anayejipa peke yake kazi ya wenzake anatafutiwa usimamizi wa nini?

Barua nzima iwe ya kusomeka kwenye simu bila kuchoka. Mfano huu una tarakimu za kuonesha tu. Zako zitoe daftarini:

> Kichwa: Maombi ya ndani: Msimamizi wa Zamu, Usafi wa Vyumba – (jina kamili), Londri
>
> Kwa Meneja wa Rasilimali Watu,
>
> Habari za kazi. Naomba nafasi ya Msimamizi wa Zamu, Usafi wa Vyumba, iliyotangazwa tarehe 1 Juni. Niko Londri kwa mwaka wa 4. Namba yangu ya kazi ni (namba). Mkuu wangu, Meneja wa Londri, nilimpa taarifa ya maombi haya tarehe 3 Juni.
>
> Tangu Machi nimekabidhiwa kupanga mzigo wa taulo za pwani. Februari nguo zilizorudi kufuliwa zilikuwa 7 katika kila 100. Mei zilikuwa 4 katika kila 100. Tulizitenga taulo zenye mafuta ya jua na kuacha klorini kwenye mzigo huo. Kazi hii tuliifanya watu 3, mimi nikipanga zamu na kuandika daftari.
>
> Novemba iliyopita nilishika zamu ya jioni kwa siku 14 msimamizi alipokuwa likizo. Tulikuwa watu 5, na kila usiku nilikabidhi kwa maandishi.
>
> Sijawahi kukagua vyumba kwa orodha ya ukaguzi. Naomba, ikiwezekana, nifuatane na msimamizi wa zamu kwa siku 2 kabla ya usaili, katika siku zangu za mapumziko.
>
> Nikichaguliwa, niko tayari kumfundisha atakayeshika kituo changu kwa wiki 2, kwa tarehe mtakayoipanga na Meneja wa Londri.
>
> Nimeambatisha wasifu na fomu ya maombi ya ndani.

Sentensi ya Meneja wa Londri imekaa aya ya kwanza kwa makusudi. Msomaji anaikuta kabla hajafikiria kupiga ile simu, na akipiga, anapiga akijua upande wa pili hakuna mshtuko. Lakini soma vizuri: imesema "nilimpa taarifa". Haikusema "ameniunga mkono". Akiwa kweli amekuunga mkono, muombe aandike mwenyewe mistari miwili apeleke Rasilimali Watu. Usimsemee mtu mwenye mdomo wake, hasa huyu.

Utaona pia nimelitaja pengo. Msimamizi wa zamu upande wa vyumba anagawa vyumba, anakagua kimoja kimoja baada ya kusafishwa, kisha anakiachilia kwa mapokezi kiuzwe. Kukagua chumba hujawahi, na wanajua hujawahi. Usipolisema, litakuwa swali la kwanza la usaili na wewe utakuwa unajitetea. Ukilisema na kuleta njia ya kuliziba, tena kwa siku zako mwenyewe, limebaki jambo la kupanga tarehe.

Ikiwa Meneja wa Rasilimali Watu si msomaji wa Kiswahili, barua hii ipeleke kwa Kiingereza, umpe mtu akusahihishie. Ya Bi Mkubwa ibaki kwa Kiswahili chenu.

Kwenye kupeleka kuna mitego midogo inayouma. Usitumie anwani ya pamoja ya londri, ile iliyo wazi kwenye kompyuta ya kupokelea mzigo, kwa sababu barua inabaki kwenye Sent na kila zamu inaisoma. Tumia anwani yako mwenyewe, yenye jina lako na si la utani. Usimtie Bi Mkubwa kwenye Bcc. Akibonyeza kujibu wote, siri imetoka na ubaya umekuangukia. Hata Cc sipendelei, ingawa wengi huiona ndiyo uwazi. Rasilimali Watu wakija kukujibu wote kwa pamoja kuhusu tarehe ya usaili au mshahara, na yeye anasoma. Peleka barua kwanza, kisha ile ile uliyoituma itume kwake kwa Forward, na maneno mafupi: "Bi Mkubwa, hii ndiyo niliyoipeleka leo." Kila kitu amekiona, na majibu yanayokuja ni yako peke yako.

Wasifu uwe PDF, na jina la faili liwe jina lako. Na kuhusu ile saa 10 jioni: kwenye simu ni 16:00. Yupo anayepanga barua itoke yenyewe, akaandika 10:00, na hapo huwa amebahatika kwa sababu imetoka mapema; anayetangaziwa saa 4 asubuhi akaandika 16:00 ndiye anayelia. Ijumaa usiitegemee kabisa. Tangu saa 6 watu wanajitayarisha kwa sala, na ukikuta faili halifunguki huna wa kumuuliza. Jumatatu tarehe 8 inakuachia siku 4 za kurekebisha.

Limebaki la Bi Mkubwa kukataa. Akisema "msimu huu siwezi kukuachia", usibishane na usimpe jibu la ndiyo. Mwambie: "Nimekusikia, Bi Mkubwa. Maombi nitayapeleka ili nisipitwe na tarehe, na neno lako la kwamba Julai na Agosti ni nzito nitalifikisha." Kisha lifikishe kweli. Kwenye ile aya ya makabidhiano ongeza: "Meneja wa Londri ameeleza kwamba kuniachia Julai na Agosti kutamletea uzito." Inaonekana kama unajichongea, lakini watalisikia tu kutoka kwake, na likitoka kwako kwanza linakuwa suala la tarehe ya kuanza na si la kama unafaa. Ukaidi wako, kama wapo wa kuutafuta, hautapatikana mahali.

Akinyamaza tu, akakuangalia, akarudi kwenye daftari lake? Mpe siku yake. Barua ya usiku ipeleke vile vile, ila ile aya ya wasiwasi wake iondoe sentensi ya kwanza, kwa kuwa hakusema kitu, ubakishe ya wiki 2. Kesho yake asubuhi fika robo saa kabla ya zamu, msalimie kama siku zote, na anza na mzigo wa taulo za pwani.